Wakala anasema chapa yetu imepanda pointi 24, na hakuna mauzo ya kupimia. Niamini?

Mleta mada: Chapa_Mpya

Wakuu, habari za kazi.

Nipo kitengo cha masoko, kampuni ya dawa ya meno. Tumemaliza kampeni ya video mtandaoni ya kutambulisha jina tu. Haikuwa na ofa wala kitufe cha kununua, na bidhaa inauzwa kwenye maduka ya watu wengine, kwa hiyo hatuwezi kumfuata aliyeona tangazo hadi pale anaponunua.

Baada ya kampeni, wakala wetu aliwahoji watu 800. Waliosema wanakumbuka kuliona tangazo ni 320, na asilimia 46 kati yao wanasema wangefikiria kununua dawa yetu. Wasiolikumbuka ni 480, na wanaosema hivyo kati yao ni asilimia 22. Ripoti inahitimisha kwamba tangazo limeipandisha chapa kwa pointi 24.

Bosi amefurahi na anataka kuongeza bajeti kwa kuitegemea namba hiyo. Hesabu nimeihakiki, iko sawa. Ila moyo haujatulia na siwezi kueleza kwa nini. Je, hizo pointi 24 ni za kweli? Kama si za kweli, nimdai wakala nini?

Fundi_Mauzo

Mkuu, mbona rahisi. Weka namba ya punguzo kwenye video, kila atakayeitumia dukani unamhesabu. Dodoso ni maneno tu, mteja anasema hivi anafanya vile.

Chapa_Mpya

Asante ndugu, ila kampeni yetu haikulenga kuuza wiki hii. Tulitaka mtu alijue jina, ili siku dawa yake ikiisha atukumbuke. Watakaotumia punguzo ni wachache waliokuwa tayari kununua, na wale tuliowalenga sitawaona.

Bi_Takwimu_Ndogo

Kosa ni kwamba hamkupima kabla. Mngewahoji watu 800 kabla ya kampeni na wengine 800 baada, kwa maswali yale yale. Tofauti ndiyo kazi ya tangazo. Bila kipimo cha mwanzo hakuna utafiti hapo.

Mzee_wa_Dodoso

Nimefanya utafiti wa matangazo kwa miaka mingi, niruhusuni nieleze kwa kirefu kidogo.

Bi Takwimu uko sawa kwamba wakala amelinganisha makundi yasiyolingana, lakini kupima kabla na baada hakutoshi. Katikati ya vipimo viwili mshindani anaweza kuishiwa bidhaa, bei inaweza kushuka, au duka kubwa likaanza kuiweka dawa yako mbele. Yote hayo yatahesabiwa kama kazi ya tangazo.

Sasa nije kwa mleta mada. Kundi la "wanaokumbuka" halikutengenezwa na tangazo, watu wamejigawa wenyewe. Anayeitumia tayari dawa yenu hulitambua tangazo lenu haraka, na huyo huyo ndiye atakayesema angefikiria kuinunua. Asiyejali chapa yenu aliliona akalisahau, kisha anawekwa kwenye kundi la wasioliona. Hata tangazo lisilofanya kazi yoyote lingekupa pengo hilo. Kwa hiyo pointi 24 ni tofauti kati ya rafiki zenu na wasiowajua. Sehemu inayotokana na video inaweza kuwepo ndani yake, ila kwa data hiyo huwezi kuitenga.

Kundi la kulinganisha hutengwa kwa bahati nasibu kabla tangazo halijaruka hewani. Mfumo wa matangazo unawagawa walengwa wote mafungu mawili. Zamu ya tangazo lenu ikifika kwa mtu wa fungu la kwanza, analiona. Ikifika kwa mtu wa fungu la pili, anaoneshwa tangazo jingine, na mfumo unaweka kumbukumbu kwamba zamu yake ilifika. Siku moja au mbili baadaye wote wanaulizwa swali lile lile. Wanaohojiwa ni wale tu ambao zamu iliwafikia, maana mtu asiyeingia mtandaoni kabisa hafanani na anayeshinda humo.

Ukifanya hivyo jiandae kuona namba ndogo. Tuseme kwa mfano walionyimwa tangazo wanatoa asilimia 31 na waliooneshwa 34. Hizo ni pointi 3. Wakala anaweza kukuandikia "ongezeko la karibu asilimia 10", kwa sababu 3 ni karibu sehemu ya kumi ya 31. Hajadanganya, lakini bosi akisoma haraka atadhani watu 10 zaidi katika kila 100 wamebadilika, kumbe ni 3.

Natafuta_Wateja

Mzee, umenigusa. Sisi tulifanya huo wa bahati nasibu, watu 400 kila kundi. Tukapata pointi 3 kama mfano wako, ripoti ikasema "haina uhakika wa kitakwimu". Mkurugenzi akatangaza kampeni imeshindwa na bajeti ikakatwa.

Mzee_wa_Dodoso

Pole, hapo ripoti ilisomwa vibaya. Kwa watu 400 kila upande na asilimia za humo humo kwenye 30, namba yako inayumba kama pointi 6.5 juu na chini. Matokeo yenu yalimaanisha ukweli unaweza kuwa popote kati ya kushuka pointi 3.5 na kupanda 9.5. Hayakusema tangazo halikufanya kitu. Kwa watu 2,000 kila kundi, myumbo unashuka hadi karibu 2.9. Ukitaka kuikamata tofauti ya pointi 3 mara nne kati ya tano, hesabu karibu watu 3,900 kila kundi. Hili huamuliwa kabla ya kulipia utafiti.

Bi_Takwimu_Ndogo

Na wanaotangaza redioni? Huwezi kumnyima mtu mmoja mmoja redio. Nadhani unatangaza mikoa miwili, unaiacha miwili, unapima yote kabla na baada.

Mzee_wa_Dodoso

Kwa mikoa minne sikubali. Jambo moja likitokea kwenye mkoa mmoja linaharibu jibu zima, hata uhoji watu elfu kumi humo.

Bi_Takwimu_Ndogo

Bado ni bora kuliko kuuliza nani anakumbuka. Mwenye bajeti ndogo afanye nini basi, akae kimya? Hapo hatutaelewana.

Chapa_Mpya

Nimeipata dodoso yenyewe. Swali la kwanza linaonesha nembo yetu na kuuliza kama unaijua. La pili linauliza kama uliona tangazo. La tatu ndilo "taja chapa za dawa ya meno unazozikumbuka".

Mzee_wa_Dodoso

Basi hilo la tatu lifute kwenye ripoti. Mtu ameoneshwa nembo sasa hivi, lazima aitaje. Kutaja bila kusaidiwa huja kwanza, kisha orodha ya majina, kisha nia ya kununua. Tangazo huulizwa mwisho.

Angalia pia kama waliweka tangazo la uongo, yaani picha ya tangazo ambalo halikuwahi kurushwa. Watu hudai wameliona hata hilo. Kama asilimia 15 wangelidai hilo, ile asilimia 40 yenu ya wanaokumbuka, yaani 320 kati ya 800, isingesomwa kama ilivyo.

Chapa_Mpya

Halimo. Je, kwa kampeni iliyokwisha naweza kuokoa chochote?

Mzee_wa_Dodoso

Kundi la kulinganisha halitengenezwi baada ya kampeni. Muulize wakala kama mfumo ulitenga watu wowote, mara chache hutokea bila mteja kujua. Kama hakuna, mwambie bosi kwamba video ilifikia watu kadhaa na athari yake haijapimwa. Kwa awamu ijayo, utengaji uandikwe kwenye mkataba pamoja na idadi ya watakaohojiwa, na mchague swali moja kuu kabla ya kuanza.

Natafuta_Wateja

Na hilo swali kuu liwe lipi? Chapa yetu inajulikana na watu 9 kati ya 10, kujulikana hakupandi tena.

Mzee_wa_Dodoso

Kwenu ningeacha kujulikana, niulize ujumbe: ni chapa ipi inayosema jambo lile tangazo lenu lilisema. Hapo bado kuna nafasi ya kupanda. Kwa mleta mada, jina bado geni, kutaja bila kusaidiwa kunafaa.