Tupeane uzoefu: umeweka kashe ya siku moja kwenye mafaili, je, brauza zinayatunza kweli siku nzima?

Mkazi wa Nzuguni

Wakuu, salaam. Ninaihudumia tovuti ya bei za mazao, hasa mahindi ya Kibaigwa na alizeti. Wanaoifungua wengi ni madalali na madereva wa malori, wapo barabarani, bando ni la kupima. Ukurasa wa bei ni mwepesi. Uzito uko kwenye ramani ya masoko, faili la CSS na nembo, na hivyo havibadiliki ovyo. Kwa hiyo kwenye nginx niliweka hivi:

```
location ~* \.(css|png|jpg)$ {
    expires 1d;
}
```

Heda inatoka vizuri, `Cache-Control: max-age=86400`. Lakini nikisoma logi naona IP ileile inaomba ramani asubuhi, kisha inaiomba tena mchana, zote zimejibiwa 200 na faili limekwenda zima. Siku haijaisha! Aliyewahi kulifuatilia hili atueleze aliona nini kwake. Dereva wa lori asilipie ramani ileile kila anaposimama.

Kijana wa Makole

Mkuu, 86400 ni sekunde, na ni saa 24 kamili, hapo hujakosea. Brauza ikishapewa hiyo heda ni lazima itii mpaka siku iishe. Kama inaomba tena, basi kuna watu wameweka tiki kwenye `Disable cache`, au wanabonyeza Ctrl+Shift+R. Mimi nikijaribu kwenye laptopu yangu haiombi kabisa.

Bi Mkubwa wa Area C

Kijana wangu, sekunde umezipatia, ila hapo kwenye "lazima" sikubaliani nawe. Heda hiyo inaipa brauza ruhusa ya kutumia nakala yake bila kuuliza kwa muda huo. Haiilazimishi kuitunza nakala. Simu ikijaa picha na video, nafasi ya kashe inabanwa na vilivyokaa bila kutumika vinafutwa, hata kama vilibakiwa na saa ishirini. Laptopu yako ina nafasi tele, ndiyo maana huoni kitu.

Mwenye mada, kabla ya kuilaumu brauza iangalie upya logi yako. Mitandao ya simu inaweka wateja wengi nyuma ya IP moja. IP ya asubuhi na ya mchana inaweza kuwa ni dalali wa Kibaigwa na mwanafunzi wa UDOM, kila mmoja anaichukua ramani kwa mara ya kwanza. Ongeza aina ya simu na brauza kwenye logi, ndiyo ile `User-Agent`, angalau upunguze kuwachanganya, ingawa simu za aina moja bado zitafanana.

Halafu tazama namba ya jibu. Ukiona 304, ujue aliyeomba bado ana faili lake. Ameuliza tu kama limebadilika, na bando lililokwenda ni la heda peke yake. Ukiona 200 na ukubwa kamili, hakuwa na nakala, au alilazimisha kuchukua upya.

Mama Stesheni

Jamani mimi nalia kinyume chenu. Nina tovuti ndogo ya steshenari yangu hapa Kikuyu, wanafunzi wanaagiza kuchapa kazi zao. Bei ya kurasa za rangi ilipanda, kijana aliyenitengenezea akabadilisha picha ya bei. Wateja wakaja na bei ya jana kwenye simu, tukabishana mpaka jioni! Hiyo siku nzima mnayoitafuta mimi niliipata bila kuiomba. Unaifutaje kwenye simu ya mtu?

Bi Mkubwa wa Area C

Dada, kwenye simu ya mtu huifuti. Brauza haiulizi seva chochote mpaka muda uishe, kwa hiyo hakuna mahali pa kuiambia. Dawa ni kubadilisha anwani ya picha ndani ya ukurasa: `bei.png` iwe `bei.png?v=2`. Kwa brauza hilo ni faili jipya kabisa, italichukua papo hapo. Ila ukurasa wenyewe usiupe siku nzima, la sivyo mteja hataiona hiyo anwani mpya. Upe `no-cache`, ambayo inaruhusu kutunza nakala lakini kila mara iulize kwanza. Tena bei iandike kwa maandishi, usiiweke kwenye picha.

Mama Stesheni

Asante sana dada. Nitampigia leo.

Fundi wa Ihumwa

Nichangie langu, maana lilinisumbua kweli. Heda ilikuwa hiyohiyo ya 86400, seva iko nyuma ya CDN, yaani seva za kati zinazotunza nakala za mafaili na kuwagawia wageni. Tulikuwa na simu yetu ya majaribio, hivyo habari ya IP haikuwepo. Simu inafungua saa kumi na mbili jioni, inachukua picha. Inafungua tena saa tano usiku, inauliza tena. Saa tano tu zimepita!

Jibu lilikuwa kwenye heda moja ambayo hakuna aliyeiangalia. Itazameni hivi:

```
curl -sI https://tovuti-yako/picha/ramani.png | grep -iE "^age|^cache-control"
```

Ikaja `Age: 72000`. Maana yake CDN ilikuwa imekaa na ile picha kwa saa 20, tangu saa nne ya usiku wa jana. Brauza haianzi kuhesabu siku pale inapoipokea. Inatoa ule umri kwanza: 86400 kutoa 72000, zinabaki 14400, yaani saa nne. Ikifika saa nne usiku muda umekwisha. Kwa hiyo mgeni anayefungua mapema anapata karibu siku nzima, anayekuja CDN ikikaribia kuichukua upya anapata dakika chache.

Tuliweka hivi:

```
Cache-Control: max-age=86400, s-maxage=3600
```

Hiyo ya pili inasomwa na CDN, brauza haiiangalii. CDN inarudi kuuliza seva kila saa, umri hauzidi saa moja, na brauza inabaki na walau saa 23. Lakini kagua mipangilio ya CDN yenu, maana baadhi zinaandika heda zake juu ya zenu.

Mkazi wa Nzuguni

Fundi, mimi sina CDN, seva ni moja tu, na nimepima sasa hivi: `Age` haipo. Ila nimechuja logi kwa `User-Agent` kama Bi Mkubwa alivyosema. Sehemu kubwa ya yale maombi ni simu tofauti. Bado zimebaki chache ambazo ni IP moja na simu ya aina moja, na jibu ni 200. Nyingi za hizo zina neno `FBAN` au `FBAV` kwenye mstari.

Kijana wa Makole

Hizo ni za ndani ya programu ya Facebook! Mtu akibonyeza linki yako pale, inafunguka kwenye dirisha la Facebook lenyewe, nalo lina kashe yake. Akiifungua tena kwa Chrome, ramani inachukuliwa upya. Simu moja, akiba mbili.

Bi Mkubwa wa Area C

Hapo umenena, kijana. Na ukiona 304 mapema kabla ya siku kuisha, huenda ni Firefox: mtu akirifreshi ukurasa, inaweza kuuliza hata mafaili yaliyo hai bado. Chrome iliacha hilo kwa picha na CSS, inauliza ukurasa peke yake.

Mkazi wa Nzuguni

Basi za 200 zilizobaki bila Facebook ni chache, na sijui kama ni simu zilizojaa au ni watu wawili wenye simu sawa. Ramani nayo ni nzito mno, KB 640. Naipunguza kwanza, kisha naipa jina lenye namba ya toleo na muda wa mwaka mzima. Mwenye simu ya GB 16 iliyojaa, tafadhali ajaribu kufungua tovuti mara mbili asubuhi na jioni, aangalie kwenye `Network` kama ukubwa unaandikwa `disk cache`, atuletee majibu hapa.

Mama Stesheni

Yangu ya GB 16 imejaa kabisa. Hiyo `Network` iko wapi kwenye simu?

Fundi wa Ihumwa

Kwenye simu yenyewe haipo dada. Unaichomeka kwa waya kwenye kompyuta, unafungua `chrome://inspect`. Njoo nayo Jumamosi, tuipime pamoja.