Kikumbusho cha "ukitoka nyumbani" kinalia nimeshafika Feri! Nani alisema hii ni kazi?

BintiLikoni

Wajameni, leo nina hasira na nitayasema yote.

Mamangu ana sukari, anadungwa insulini asubuhi na jioni. Dawa yake naichukua kemisti kimoja Mwembe Tayari kwa sababu ndicho kinachoniwekea kwenye friji mpaka niende. Nafanya kazi Buxton, naishi Likoni, na kwa joto letu hili siwezi kuitia insulini kwenye mkoba nikapanda nayo matatu, nikasimama nayo foleni ya feri, halafu nikaipandisha boda. Kwa hivyo natoka nyumbani na chupa ya chai yenye vipande vya barafu, na jioni dawa inarudi humo ikiwa imefungwa kitambaa isiguse barafu.

Nina mambo mengi kichwani. Nikaweka programu ya vikumbusho kwenye simu, ile inayojua uko wapi. Viwili tu. Cha kwanza, nikitoka nyumbani: "Beba chupa ya barafu". Cha pili, nikifika Mwembe Tayari: "Teremka, chukua dawa ya Mama". Kwenye tangazo lao wamechora mtu anafungua mlango na simu inalia mkononi mwake. Mlangoni! Nikaamini.

Jumatatu natoka saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Simu kimya. Natembea mpaka stejini, napanda boda, nashuka Feri, naingia kwenye ule umati unaongoja geti lifunguliwe. Ndipo inalia. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane, nimebanwa pande zote, nasoma "Beba chupa ya barafu". Nikabebe wapi sasa?

Jioni ndiyo mbaya zaidi. Matatu ikapita Mwembe Tayari, simu haikulia kabisa. Nimekuja kukumbuka nikiwa juu ya feri katikati ya maji. Nikavuka, nikageuka, nikavuka tena, na kemisti nimekikuta kimefungwa. Usiku ule Mama alitumia tone la mwisho kwenye chupa yake ya zamani, na asubuhi nilikuwa mlangoni kwa kemisti kabla hakijafunguliwa.

Na msiniambie "angalia ruhusa". Nimeweka `Allow all the time`, lokesheni iko wazi, `Use precise location` iko wazi. Nimewaandikia wenye programu mara mbili, wakanijibu niifute niiweke upya. Nimefanya hivyo. Hali ni ile ile.

FundiMajengo

Pole sana dada. Hiyo ni betri. Simu hizi zinaua programu ili chaji ikae. Nenda kwenye mipangilio ya hiyo programu, sehemu ya betri, weka `Unrestricted`. Halafu hakikisha data haikatiki, maana bila data simu haijui iko wapi. Wateja wangu wengi shida yao ni hiyo tu.

BintiLikoni

Kaka, betri nimeshaweka hivyo tangu wiki jana. Data ninayo, naingia mtandaoni kutwa.

MzeeKibokoni

Assalaam alaykum. Na mimi nataka kitu hicho hicho. Kijana wangu akitoka nyumbani nipate ujumbe kwenye simu yangu, na akifika shule nipate mwingine. Mlilipa pesa ngapi?

BintiLikoni

Waalaykum salaam, shikamoo mzee wangu. Hii si ya kumfuatilia mtu mwingine, ni ya kunikumbusha mimi mwenyewe kwenye simu yangu. Na kwa nilivyoiona, usingojee ikuambie kama mtoto amefika.

Pwani_Msimbo

Dada BintiLikoni, nimeandika programu za wapeleka mizigo kwa miaka minne, na hili limenitoa jasho. Nikueleze kinachotokea ndani ya simu, maana naona unazungushwa.

Kwanza, ruhusa yako iko sawa. Ingekuwa haiko sawa, kile cha asubuhi kisingelia hata hapo Feri. Kimelia, ila kimechelewa, kwa hivyo njia iko wazi.

Unapochagua mahali, programu inachora duara kwenye ramani na kuikabidhi simu: niamshe mtu huyu akivuka mstari huu. Android wenyewe wanashauri nusu kipenyo kisiwe chini ya mita 100 hadi 150, kwa kuwa simu ikiwa mfukoni haiwashi GPS kila wakati. Inakisia kwa kutumia Wi-Fi za jirani na minara ya simu, na makisio hayo yana makosa. Kwa hivyo mlango wako haujulikani kabisa. Kinachojulikana ni mtaa wako.

Pili ni muda, na hapa ndipo unapoumia. Tangu Android 8, programu ambayo hujaifungua mbele yako haipewi habari papo hapo. Kwa kawaida simu inaangalia kila baada ya dakika mbili hivi. Na ikiwa imekaa palepale kwa muda mrefu inapunguza zaidi, inaweza kuchelewa mpaka dakika 6. Yako imelala kitandani usiku kucha. Umetoka saa kumi na mbili na dakika kumi, ukachukua kama dakika mbili kwa miguu kutoka nje ya duara, ongeza hizo 6. Inalia saa kumi na mbili na dakika kumi na nane. Umeona? Haijaharibika. Ndivyo ilivyotengenezwa, kuokoa betri.

Ya jioni nayo ni hesabu ndogo. Duara la nusu kipenyo cha mita 100 lina upana wa mita 200. Matatu ikienda kilomita 30 kwa saa, inalipita kwa sekunde 24. Simu inaangalia kila dakika mbili. Imeangalia ukiwa hujafika, ikaja kuangalia tena umeshapita. Kwake wewe hukuwahi kufika Mwembe Tayari.

Na wewe FundiMajengo, kuhusu data uko sawa nusu. GPS haihitaji data. Lakini yale makisio ya Wi-Fi na minara huhitaji mtandao. Dada, acha na swichi ya Wi-Fi iwe wazi hata kama nyumbani hamna Wi-Fi, simu inasoma za majirani.

FundiMajengo

Sawa mkuu, lakini mimi nimerekebisha nyingi kwa `Unrestricted` na wenyewe wakarudi kushukuru. Usiseme betri haihusiki.

Pwani_Msimbo

Inahusika, sikukatai. Kuna simu zinazoizima programu kabisa, na ikizimwa haiamki hata ukizunguka kisiwa chote. Hasa simu ikizimika stima ikipotea kisha ukaiwasha: yale maduara yanafutika, na ni juu ya programu kuyasajili upya. Ikizuiwa kuamka, huoni kosa lolote, ni kimya tu. Namna ya kutambua: kikilia kwa kuchelewa, ni hesabu niliyotoa. Kisipolia siku tatu mfululizo popote uendapo, mwite fundi wako.

MamaPacha

Yangu ni kinyume! Naishi Mji wa Kale, duka la maziwa liko kichochoro cha pili. Nimeweka "ukifika dukani nunua maziwa". Inalia nikiwa jikoni kwangu, inalia nikiwa nimelala, juzi imelia saa nane za usiku nikadhani kuna msiba. Kutoka mlangoni kwangu mpaka dukani ni hatua hamsini.

Pwani_Msimbo

Dada yangu, duara la duka limemeza nyumba yako. Makisio yakitikisika kidogo, na nyumba za mawe zilizobanana vile zinayatikisa sana, simu inadhani umetoka ukarudi. Hilo sina dawa yake. Andika karatasi ubandike mlangoni.

BintiLikoni

Pwani_Msimbo, Mungu akulipe, wewe ndiye wa kwanza kunieleza kama mtu mzima. Lakini hasira yangu imezidi. Kumbe wanajua! Wanajua ni dakika mbili, wanajua ni mpaka 6, halafu wananichorea mlango. Wangeandika tu hapo kwenye skrini ya kuchagua mahali: "huenda ikachelewa, usiitegemee kwa dawa". Mstari mmoja. Ningejipanga vingine na mamangu asingelala na chupa tupu kando yake. Sasa niambie nifanye nini.

Pwani_Msimbo

Cha jioni kinatengenezeka. Panua duara liwe nusu kipenyo cha mita 500. Upana unakuwa kilomita moja, na matatu kwa mwendo ule ule inalipita kwa dakika mbili. Jioni Digo Road inavyosongamana utakaa humo zaidi. Na ukiwa kwenye matatu washa skrini, fungua ramani kidogo. Simu ikitafuta lokesheni kwa ajili ya ramani, na kikumbusho nacho hufaidika.

Cha asubuhi usikitegemee. Duara dogo zaidi halitasaidia, tatizo ni zile dakika za usingizi. Kuna programu zinazoweza kulia ukichomoa chaja. Hilo simu inalijua papo hapo bila kutafuta mahali.

BintiLikoni

Nimerudi baada ya siku nne.

Nimeweka mita 500. Jioni nne, kimelia tatu. Mara mbili kimelia mapema, matatu haijafika karibu na Mwembe Tayari, lakini afadhali hivyo, nimekaa tayari na nauli ya kushukia nimeshalipa. Jioni ya nne kimya, na siku hiyo barabara ilikuwa wazi, dereva amekimbia kweli kweli. Nilikumbuka mwenyewe.

Cha asubuhi nimejaribu hiyo ya chaja. Siku mbili vizuri, nachomoa tu, inalia, chupa naiona mezani. Siku ya tatu stima ilipotea alfajiri, simu ikadhani nimechomoa, ikalia saa kumi kasoro na kumwamsha Mama. Nilipotoka kwenda kazini ilikuwa kimya.

FundiMajengo

Nunua pawabenki, ichaji kutoka hapo usiku. Stima ikipotea haitajua.

Pwani_Msimbo

Hilo sikulifikiria. Jaribu, ila ziko pawabenki zinazojizima zenyewe simu ikijaa, na hapo itakuwa yale yale. Tuambie.

MzeeKibokoni

Kwa hivyo ya kijana wangu mnanishauri vipi?

BintiLikoni

Mzee wangu, fungua uzi wako, watu watakusaidia. Pwani_Msimbo, pawabenki nitaiazima kwa dadangu kesho. Na wenye programu nimewaandikia mara ya tatu, safari hii nimewawekea hesabu yako ya sekunde 24 na nimewataka waitoe ile picha ya mlango. Wakijibu nitaweka hapa neno kwa neno.