Nimelipa awamu zote 6 za friza ya "bila riba", bado nimetiwa CRB, kwenye rekodi mbaya za wakopaji, kwa shilingi 2,140!

Mama Barafu, Kisauni

Wanajamvi, salaam. Nina hasira, na nitaandika mpaka nimalize, mnivumilie.

Mimi nauza barafu na juisi. Januari mwaka huu wa 2025 niliingia duka moja la vyombo vya umeme pale Mwembe Tayari, nikaona friza imebandikwa karatasi: 36,000, chukua leo ulipe pole pole miezi 6, bila riba. Kijana wa duka akanipigia hesabu nyuma ya risiti kwa kalamu: dipoziti 6,000, inabaki 30,000, kila mwezi 5,000. Nikasema haya. Akachukua simu yangu, akanipakulia apu, akabonyeza bonyeza "kubali", "kubali", akanirudishia. Friza ikapakiwa kwenye tuktuk, mimi huyo nyumbani nafurahi.

Usiku nafungua apu naona kila awamu ni 5,350, si 5,000. Kesho yake nikarudi dukani. Ndipo nikaambiwa kwamba katika ile dipoziti yangu, 1,200 ni ada ya kushughulikia na 900 ni bima. Yaani kwenye 6,000 niliyotoa, zilizoingia kwenye friza ni 3,900 tu! Deni likawa 32,100. Nikauliza mbona hukuniambia? Akasema, "Mama, sisi tunauza friza tu, hayo ya mkopo ni ya kampuni." Hapo ndipo nilipojua kwamba anayenidai si duka, ni kampuni ambayo sijawahi kuiona ofisi yake.

Nikameza. Nikalipa Februari, nikalipa Machi. Tarehe ya kulipa ni 5. Aprili umeme ulikatika mtaani kwetu siku tatu, barafu yote ikawa maji, nikalipa tarehe 9. Siku nne nimechelewa, sikatai. Lakini nililipa 5,350 kamili. Mei nikalipa 5,350 kwa tarehe yake, Juni vivyo hivyo, Julai vivyo hivyo. Meseji zote za M-Pesa ninazo, sita. Nikajua nimemaliza.

Mwezi huu wa Novemba nimeomba mkopo wa 180,000 kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, nifungue kibanda cha pili Bamburi. Afisa akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe: jina langu, deni 2,140, siku 130 zimepita, hali yake "halilipiki". Mbele ya watu wawili waliokuwa foleni. Wanachama wenzangu hao!

2,140 inatoka wapi mimi niliyelipa kila mwezi? Na kuna mtu humu alipewa ilani kabla ya kupelekwa CRB? Mimi nilipata meseji za "salio lako" nikadhani ni matangazo yao, maana kila siku wananitumia matangazo.

Kijana wa Likoni

Pole sana mama. Lakini hii ni rahisi, lipa hiyo 2,140 leo hii, kesho jina limetoka. Rafiki yangu alifanya hivyo.

Baba Twaha

Mimi wao walinifungia simu. Nilikopa simu ya kulipa kila siku, nikakosa siku mbili nilipokuwa hospitalini na mtoto, ikazima ikabaki inaonyesha namba yao tu. Hata ndugu wa mgonjwa sikuweza kumpigia. Je, kuna fundi hapa Mombasa anayeweza kuifungua? Na hii friza nayo wanaweza kuizima kwa mbali?

Mama Barafu

Pole kaka, friza yangu inafanya kazi. Kilichofungwa ni jina langu.

Mstaafu wa Mikopo

Dada, nilikaa dawati la mikopo miaka mingi, na hii 2,140 naijua bila hata kuiona taarifa yako. Soma masharti ndani ya apu, utakuta ada ya kuchelewa ni asilimia 10 ya awamu. Asilimia 10 ya 5,350 ni 535. Sasa gawanya 2,140 kwa 535. Unapata 4 kamili. Hizo ni ada nne za kuchelewa, na wewe ulichelewa mara moja.

Inakwenda hivi. Ulipolipa 5,350 tarehe 9 Aprili, mashine yao haikuziweka kwenye awamu kwanza. Ilikata ada yake 535, ikabaki 4,815. Kwa hiyo awamu ya Aprili ikapungua 535. Mei ukalipa kwa wakati, lakini 535 ikaenda kuziba pengo la Aprili, Mei nayo ikapungua 535. Kwa mashine, Mei hukulipa kamili, kwa hiyo umechelewa tena, ada nyingine. Juni ikakata ile ada ya Mei, ikaziba pengo la Mei, ikabaki 4,280 tu kwa Juni. Pengo sasa 1,070, na ada juu yake. Julai ikakata ada 535, ikaziba 1,070, ikabaki 3,745. Pengo 1,605. Ongeza ada ya mwisho 535, ndiyo hiyo 2,140 yako.

Ungelipa 535 zaidi ile tarehe 9 Aprili, mambo yangekwisha siku ileile. Na hakuna aliyekwambia. Mtu akipokea meseji ya "malipo yako yamepokelewa" huwa hafungui apu kutazama pesa zimegawanywa vipi.

Mama Barafu

Nimefungua masharti sasa hivi. Asilimia 10 ipo, kwa maandishi madogo, chini kabisa. Hiyo ya kukata ada kwanza nayo ipo, mstari mmoja. Machozi yananitoka. Nimelipishwa faini nne kwa siku nne za giza.

Muuza Vyombo

Naomba nisitukanwe, mimi nina duka. Hizi kampuni hutulipa sisi siku chache baada ya mteja kuchukua mali, lakini hutukata fungu lao. Kwa hiyo wenye maduka wengi huongeza bei ya kubandika ili wasipate hasara. Ndiyo maana ukija na pesa taslimu unapunguziwa. Na mama, ukweli ni kwamba ulichelewa na ulibonyeza kubali.

Mama Barafu

Sikubonyeza mimi, alibonyeza kijana wa duka! Na kuhusu bei, binamu yangu alichukua friza ileile, duka lilelile, wiki ileile, kwa 31,000 taslimu.

Mstaafu wa Mikopo

Basi hapo ndipo riba yenyewe ilipojificha. Taslimu ni 31,000, wewe ulitoa 6,000 papo hapo. Walichokukopesha kweli ni 25,000, na wakakudai 32,100 kwa miezi 6. Kwa deni linalopungua kila mwezi, hiyo ni zaidi ya asilimia 7 kwa mwezi. Anayetaka kujua kama kitu ni "bila riba" aulize kwanza bei ya taslimu, kabla hajataja kwamba anataka kulipa kwa awamu. Ukishataja, hiyo bei huisikii tena.

Kijana wa Likoni, ushauri wako una nusu ya ukweli. Akilipa, rekodi itabadilika kuwa "limelipwa", lakini haifutiki. Kwa kanuni za Kenya, habari mbaya hukaa miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa. Tena kuwa CRB si kosa, kila mwenye mkopo yumo, hata alipaye vizuri. Kinachomuumiza dada ni ile hali ya kutolipika, ambayo huanza deni likipita siku 90.

Kwa hiyo dada, usilipe ukanyamaza. Kwanza waombe kwa maandishi taarifa ya akaunti yako yote, kila shilingi ilivyoingia na ilivyokatwa. Pili, waambie wakuonyeshe ilani. Anayetaka kupeleka habari mbaya anatakiwa amjulishe mteja siku 30 kabla, na meseji ya "salio lako" isiyotaja CRB mimi siihesabu kuwa ilani. Tatu, chukua ripoti yako kwa ofisi zote tatu za CRB, TransUnion, Metropol na Creditinfo, maana mara nyingine hali huwa tofauti. Kila mwaka una haki ya ripoti moja ya bure. Kisha peleka pingamizi kwenye ofisi yenye ile rekodi. Wakati wa uchunguzi rekodi inatakiwa ionyeshe kwamba inabishaniwa, na hiyo peke yake inaweza kumsaidia afisa wa chama chenu.

Binti wa Tanga

Mimi niko Tanzania. Mbona nilisikia ukishalipa theluthi mbili hawawezi kukugusa? Dada kalipa zaidi ya hapo.

Mstaafu wa Mikopo

Hiyo kwa Kenya iko kwenye sheria ya ukodishaji-ununuzi: ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua bila kwenda mahakamani. Inalinda chombo, hailindi jina. Na mikataba mingi ya siku hizi imeandikwa kama mkopo, kwa hiyo watabisha kwamba haiwahusu kabisa.

Kijana wa Likoni

Sasa Benki Kuu inafanya nini?

Mstaafu wa Mikopo

Kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali ziliacha nje duka linalokopesha bidhaa zake lenyewe, kwa kuwa kazi yake kuu si kukopesha. Mwisho wa Desemba 2024 sheria ilirekebishwa, na biashara ya "nunua sasa lipa baadaye" ikatajwa waziwazi kuwa chini ya Benki Kuu. Dada, waulize namba ya leseni yao. Wasipojibu, andika malalamiko Benki Kuu.

Muuza Vyombo

Leseni wanaweza kuwa nayo. Haitarudisha ada hizo.

Mama Barafu

Wanajamvi, ninarudi baada ya siku sita. Taarifa ya akaunti nimeipata, na imeandikwa vilevile alivyosema mzee, mstari kwa mstari, 535 nne. Dada wa huduma kwa wateja amenipigia, anasema "kwa hisani" watafuta ada tatu, nilipe 535 tu, lakini rekodi hawaigusi kwa sababu "mfumo ndio uliopeleka". Nikamuuliza, ilani ya siku 30 iko wapi? Akasema atanirudia. Hajarudi.

Sijalipa hiyo 535 bado. Wakifuta ada tatu ina maana wenyewe wanajua hazikuwa halali, basi rekodi iliyojengwa juu yake itasimamaje? Pingamizi nimelipeleka juzi na meseji zangu sita za M-Pesa. Afisa wa chama amesema atalisubiri jibu hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo fungu la mikopo la mwaka huu linafungwa. Na kile kibanda cha Bamburi, mwenyewe ameshaniambia kuna mwingine anakitaka.

Aliyewahi kushinda pingamizi kama hili, naomba aniambie ilichukua siku ngapi.