Naomba ushauri: kauli na hitimisho zinanichanganya kwenye usaili

Habari wakuu. Najiandaa na usaili wa maandishi, na sehemu ya kauli na hitimisho inanikosesha alama kila nikijipima. Mfano huu umeniumiza jana:

Kauli: "Kijiji kimefunga taa sokoni ili kupunguza wizi wa usiku."
Hitimisho: "Wizi wa usiku sokoni utapungua."

Nikajibu linafuata. Majibu yanasema halifuati. Nilipotulia nikaona kauli imetaja lengo tu, haijasema litafikiwa. Taa zinaweza kuwaka na wezi wakaendelea kuiba, na kauli ikabaki kweli vilevile.

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba wazo "taa husaidia kupunguza wizi" ni dhana ya aliyefunga taa. Nikilikanusha, mpango wote unakosa maana. Kwa hiyo linahitajika kwenye hoja, lakini si hitimisho. Nikiwa na dakika moja kwa swali, haya mawili yananigongana kichwani, hasa kwa vile ninavyoujua ukweli wa mtaani.

Waliopita hapa, mnaanza na kipimo kipi: kutafuta hali ambapo kauli ni kweli na hitimisho ni uongo, au kukanusha kwanza?