Kisigino kinanyanyuka kabla paja halijafika chini: kabari, mkao wa miguu au mazoezi ya kifundo?

Seremala_Mwz

Habari zenu. Kisigino changu hunyanyuka nikifanya skwoti, yaani kuchuchumaa na baa mgongoni. Ninaomba tulinganishe njia tatu ambazo kila mtu jimu hunitajia moja kana kwamba ndiyo pekee: kuinua visigino kwa kabari, kubadilisha mkao wa miguu, na mazoezi ya kulainisha kifundo. Ninatanguliza vipimo ili asiwepo wa kunijibu kwa kubahatisha.

Nikisimama peku mbele ya ukuta na kusogeza goti hadi liguse ukuta bila kisigino kuachana na sakafu, kidole gumba cha mguu wa kulia hukaa sentimita 8.5 kutoka ukutani, na cha kushoto sentimita 5 tu. Mguu wa kushoto niliutegua mara nyingi nilipokuwa nikicheza mpira. Mapaja yangu ni marefu. Nikibeba baa ya kilo 70 mgongoni, hushuka vizuri mpaka karibu na usawa wa magoti, kisha kisigino cha kushoto hunyanyuka, kifua huanguka mbele, na uzito wote huhamia vidoleni. Nikikanyaga pleti mbili ndogo kwa visigino, ninafika chini kabisa.

Swali langu ni hili: kati ya njia hizo tatu, ipi inatatua tatizo na ipi inalificha?

Nguvu_Tatu

Kaka, usijisumbue na kunyoosha misuli. Panua miguu iwe mipana kuliko mabega, geuza vidole nje kiasi cha nyuzi 30, kisha sukuma magoti yafuate vidole. Mapaja yakifunguka kwa upande, urefu wake wa kwenda mbele na nyuma hupungua, kwa hiyo makalio hayalazimiki kurudi nyuma sana na goti halihitaji kusonga mbele sana. Mwenye mapaja marefu kama wewe ndiye anayefaidika zaidi. Mimi ninashindana kwa kunyanyua vyuma, na mkao huo umenitosha miaka yote.

Kijana_Kigamboni

Kwa nini msimweleze ukweli kwamba sisi tuliokulia kwenye vyoo vya kuchuchumaa hatuna tatizo la vifundo? Achuchumae kila asubuhi anapopiga mswaki, na baada ya muda kitafunguka chenyewe. Pia aongeze mazoezi ya kupanda na kushuka kwa vidole, kwa sababu mashavu ya miguu yakiwa madogo huwezi kubeba uzito.

Fundi_Viungo

Kijana wangu, nusu ya uliyosema ninakubaliana nayo. Kuchuchumaa kila siku hudumisha mwendo ambao kiungo bado kinao. Ila mwenzetu hakuuliza ukubwa wa mashavu ya miguu, na huo mguu wa kushoto umekulia kwenye choo kilekile alichokulia wa kulia, lakini umepishana nao kwa sentimita 3.5. Tofauti hiyo imetokana na kuteguka, na kuchuchumaa kwa miguu miwili kutaupa ule mzima nafasi ya kuufanyia kazi ule mgumu.

Ninafanya kazi ya fiziotherapia, kwa hiyo nitaanza na swali ambalo ninamuuliza kila mtu anayekuja na tatizo hili. Seremala, rudi ukutani, sukuma goti la kushoto mpaka linapogoma, kisha uniambie unahisi nini na wapi. Ukihisi mvuto nyuma, chini ya shavu la mguu karibu na kano ya kisigino, kinachokuzuia ni msuli, na msuli hufundishika. Ukihisi kubanwa mbele, pale kifundo kinapokunjika, kama kitu kimekwama kati ya mifupa miwili, tatizo limo ndani ya kiungo chenyewe, na kunyoosha shavu la mguu hata kwa mwaka mzima hakutabadilisha mengi.

Kuhusu kabari, tuifanyie hesabu. Kutoka kisigino hadi pale vidole vinapoanza, mguu wa mtu mzima una takriban sentimita 19. Ukiinua kisigino sentimita 2, ambao ndio urefu wa kawaida wa kisigino cha viatu vya kunyanyulia vyuma, unakipa kifundo nafasi ya takriban nyuzi 6. Kwenye kipimo cha ukuta, sentimita moja ni karibu nyuzi 3.6. Maana yake ni kwamba kabari hiyo inakuazima kama sentimita 1.7 za ukutani, nawe kushoto unapungukiwa sentimita 3.5 kuufikia mguu wa kulia. Kabari inalipa takriban nusu ya deni. Ndiyo maana unafika chini ukikanyaga pleti, lakini ninashuku kwamba mguu wa kushoto bado unaiba kwa njia nyingine. Jirekodi kwa simu ukiiweka chini, mbele yako, na utazame kama upinde wa unyayo wa kushoto unalala na goti linaingia ndani.

Seremala_Mwz

Ahsante, Fundi_Viungo. Nimerudi ukutani. Kulia ninahisi mvuto nyuma. Kushoto ninahisi vyote viwili: mvuto nyuma, lakini pale mwisho kabisa kuna kubanwa mbele, upande wa nje kidogo. Kwenye video, nikiwa juu ya pleti, goti la kushoto linaingia ndani ninapoanza kupanda, na unyayo unalala kama ulivyosema. Nikijaribu mkao wa Nguvu_Tatu bila pleti, kisigino hakinyanyuki tena, ila nyonga zinakaza kabla sijafika kina ninachokitaka.

Je, niweke kabari chini ya kisigino cha kushoto peke yake?

Fundi_Viungo

Hapana, tafadhali. Kabari ya upande mmoja inaufanya mguu mmoja kuwa mrefu kuliko mwingine ukiwa na baa mgongoni, na nyonga zitapinda ili zijisawazishe. Inua visigino vyote viwili kwa usawa, halafu peleka mazoezi ya kifundo zaidi upande wa kushoto.

Acha pia zile pleti. Kisigino kikiwa juu ya chuma na katikati ya unyayo hakuna kitu, unyayo unakosa pa kuegemea, na huko kulala kwa upinde kunapata mlango. Wewe ni seremala: kata kabari mbili za mbao ngumu zenye mteremko, nyuma sentimita 2 na mbele zikiishia bapa, ziwe ndefu kiasi cha unyayo wote kulala juu yake, na uzibandikie mpira chini zisiteleze. Viatu vya kukimbilia si mbadala hata kama vina kisigino kirefu, kwa kuwa soli laini hubonyea chini ya uzito na kukutikisa.

Jua pia kwamba kabari inalipeleka goti mbele zaidi na kuongeza kazi ya misuli ya mbele ya paja. Kwa hiyo shusha uzito wiki za mwanzo, hasa ikiwa goti lina historia ya maumivu.

Mama_Salha

Naomba nichangie kwa yaliyonipata. Nilivunjika kifundo katika ajali ya pikipiki na nikawekewa chuma na skrubu. Nilinyoosha shavu la mguu kwa miezi mingi, na kipimo cha ukuta hakikusogea hata kidogo. Kila mara nilibanwa mbele tu. Mtaalamu aliyenitazama aliniambia kwamba mfupa unagusana na mfupa, na hapo hakuna cha kunyoosha. Tangu nilipoanza kuvaa viatu vyenye kisigino kigumu ninachuchumaa na uzito bila maumivu, na sina mpango wa kuviacha. Kwa hiyo maneno ya kwamba kabari "inaficha tatizo" hunikera kidogo, kwa sababu kwa baadhi yetu ndiyo njia iliyobaki.

Nguvu_Tatu

Ninakuelewa, dada, na hali yako ni tofauti. Hofu yangu ni kwa mtu mwenye kiungo kizima anayezoea kabari kila siku. Msuli ukikaa umefupishwa, utafupika. Angalia wanaovaa viatu virefu kazini.

Fundi_Viungo

Ndugu Nguvu_Tatu, anayevaa viatu virefu hukaa navyo saa nyingi, siku nyingi, kwa miaka. Saa moja ya mazoezi mara tatu kwa wiki siioni kuwa na nguvu hiyo, hasa kwa mtu anayekinyoosha kifundo siku hizohizo. Lakini ninakubaliana nawe kwamba asiitumie kila mahali: seti za kupasha mwili, zenye uzito mdogo, azifanye peku, katika kina ambacho visigino vyake vinakimudu.

Mkao wako pia una nafasi, ila si ule mpana kabisa. Seremala ameshasema nyonga zinakaza. Aweke visigino upana wa mabega, vidole nje nyuzi 15 hadi 20, juu ya kabari. Kipimo cha mkao halali ni rahisi: mzizi wa kidole gumba ubaki umebana chini, na goti lielekee usawa wa kidole cha pili au cha tatu. Vidole vikigeuzwa nje kisha unyayo ukalala, goti linakuwa limepata njia ya mkato kupitia ndani, na hapo kifundo hakijafanya kazi yoyote.

Sasa mazoezi, Seremala. Nitakupa mawili tu.

La kwanza ni la msuli wa ndani wa shavu la mguu, ule unaovutika goti likiwa limekunjwa, ambao ndio unaokuzuia kwenye skwoti. Kunyoosha mguu ulionyooka, kama wanavyofanya wachezaji wengi wa mpira, kunaugusa zaidi msuli wa juu. Kaa kwenye benchi, unyayo chini, rudisha mguu nyuma mpaka kisigino kikaribie kunyanyuka, weka dambeli ya kilo 10 hadi 20 juu ya goti, kisha egemea mbele na utulie sekunde 45. Fanya mara tatu kushoto na mara moja au mbili kulia, siku tano kwa wiki.

La pili ni kwa ajili ya kule kubanwa. Funga ukanda wa mpira kwenye nguzo karibu na sakafu, uupitishe mbele ya kifundo, chini kabisa ya vile vifupa viwili vya pembeni, ukikuvuta kuelekea nyuma. Sukuma goti mbele polepole mara 10 hadi 15, kisigino kikiwa chini. Kama kubanwa kunapungua ukanda ukiwa umevutika, endelea nalo kabla ya kila skwoti. Kama kunabaki vilevile au kunaongezeka, acha, na umwone mtu wa fiziotherapia akushike kifundo hicho kwa mikono yake.

Pima ukutani mara moja kwa wiki, saa ileile, kabla ya mazoezi. Ukipima baada ya kunyoosha utafurahia sentimita ambayo kesho hutaiona. Baada ya wiki sita hadi nane, kulia kukisogea na kushoto kukabaki pale pale kwenye 5, utajua upo upande wa Mama_Salha, na mazungumzo yatakuwa mengine.

Kijana_Kigamboni

Na mimi nimejipima kwa udadisi. Sentimita 12 pande zote mbili, lakini kifua changu bado kinaanguka mbele nikibeba uzito mkubwa. Niweke kabari?

Fundi_Viungo

Kwako kifundo hakina hatia. Beba baa mbele ya mabega kwa uzito mdogo na utazame mgongo wa juu unalegea saa ngapi. Ukitaka kulijadili hilo, fungua mada yake.

Seremala_Mwz

Nimejaribu ukanda jioni hii. Kubanwa kumepungua lakini hakukuisha. Kabari nimezikata kwa mninga, nyuma sentimita 2. Kwa kilo 40, vidole nje kidogo, kisigino cha kushoto kimebaki chini na unyayo haukulala. Kwa kilo 55 goti limeanza tena kuingia ndani. Ninabaki kwenye 40 kwanza. Nguvu_Tatu, mkao wako mpana nimeuhifadhi kwa siku za kunyanyua chuma kutoka sakafuni, huko nyonga hazilalamiki.

Nguvu_Tatu

Sawa kaka, ila mimi bado ninaamini nyonga zako zingefunguka kama ungezipa muda uleule unaokipa kifundo.