Pato la taifa limetoka na alama ya kutoa: PCR inaniponya au inanifichia ugonjwa?

Kokoto (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Nafanyia mazoezi data ya `longley` iliyomo ndani ya R: Marekani, 1947 hadi 1962, mistari 16 tu, vitabiri sita, na kinachotabiriwa ni walioajiriwa kwa mamilioni. Rigresheni ya kawaida inanipa R² ya 0.995, lakini `GNP`, yaani pato la taifa, inatoka −0.036, wakati ikiwa peke yake inapanda pamoja na ajira kwa korelesheni ya 0.98. VIF yake, kipimo cha jinsi inavyotabirika kutokana na vitabiri vingine, inakaribia 1,789! Nimeambiwa nitumie PCR, yaani rigresheni inayotumia vipengele vikuu badala ya vitabiri vyenyewe. Nibakize vipengele vingapi? Na mwishoni naweza kuandika "pato likiongezeka kiasi hiki, ajira inaongezeka kiasi hiki"?

Mzee_wa_Jedwali
Mbona rahisi. Weka vitabiri vyote kwenye kipimo kimoja, fanya PCA ivichanganye kuwa vipengele vikuu, bakiza vipengele vinavyofikisha 95% ya mtawanyiko. Hapo viwili vya kwanza vina 77 na 20, umeshapita. Vilivyobaki ni kelele, tupa.

Mtama_Mwekundu
Mimi nina hojaji ya maswali 20 ya "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Nizungushe vipengele kwanza au nianze na alfa ya Cronbach?

Binti_Matriki
Mtama, hilo lako ni jambo jingine, fungua uzi wake. Hapa hakuna hojaji.

Mzee, la kipimo kimoja uko sawa, bila hivyo kitabiri chenye namba kubwa kinateka kipengele cha kwanza. La 95% ndilo linalomwangusha mtu. Asilimia hiyo ni ya mtawanyiko wa vitabiri. PCA haijaitazama ajira hata kidogo. Kokoto, endesha hii:

```r
library(pls)
m <- pcr(Employed ~ ., data = longley,
         scale = TRUE, validation = "LOO")
summary(m)
coef(m, ncomp = 1:3)
```

Angalia mstari wa `Employed` kwenye `summary`. Kipengele cha kwanza kinaeleza kama 91% ya ajira, cha pili kinaongeza asilimia moja na nusu hivi, cha tatu kinaongeza karibu sita. Hicho cha tatu kina 3.4% tu ya mtawanyiko wa vitabiri, yaani ndicho Mzee alichokiita kelele.

Sasa fuata `Unemployed`. Ukibakiza kipengele kimoja, koefishenti yake ni takriban +0.50; viwili, +0.27, vitatu, −1.09. Kwa viwili, modeli inakuambia wasio na ajira wakiongezeka na walioajiriwa wanaongezeka. Kipengele cha kwanza ni mwendo wa miaka: pato, bei, watu na mwaka vyote vinapanda na vina uzito karibu sawa, 0.46 kila kimoja, na wasio na ajira wamebebwa humo humo kwa 0.32. Cha tatu ndicho kinachowatenga na mwendo huo.

Mzee_wa_Jedwali
Sawa, hapo nimekubali. Lakini kwa vitatu `GNP` ni chanya, takriban +1.26. Si ndiyo jibu alilotaka?

Binti_Matriki
Chanya ndiyo, ila angalia imetoka wapi. Koefishenti za PCR ni za vipengele vilivyobaki, zimerudishwa kwa vitabiri kupitia uzito wao. Ukibakiza vitatu umeamua kwamba vitatu vya mwisho havina athari yoyote kwa ajira. Data haijakuthibitishia hilo. Cha sita kina chini ya 0.01% ya mtawanyiko, kwa hiyo haiwezi kukuthibitishia wala kukukanusha. Hakuna mwaka ambao pato lilipanda huku watu na bei vikitulia, basi athari ya pato peke yake haimo humo. Hiyo +1.26 ni fungu lake katika mwendo wa pamoja, kwa kila mchepuko sanifu mmoja wa pato. Na makosa sanifu yatakayoonekana madogo yamepungua kwa sababu ya uamuzi wako wa kutupa.

Ukiandika ripoti, sema "mwendo wa jumla wa ukuaji" na utaje vipengele vitatu. Ukitaka utabiri tu, hayo yote hayakusumbui, mradi miaka ijayo vitabiri viendelee kutembea pamoja. Bei zikiruka peke yake, modeli haina la kusema.

Kokoto
Kwa hiyo bora nigawe pato kwa bei na kwa watu kabla ya yote? Angalau hapo namba ina maana.

Binti_Matriki
Ningefanya hivyo kabla ya PCR. Pato halisi kwa kila mtu unaweza kumweleza mtu yeyote. Bado litapanda na `Year`, hilo usilitarajie kuisha.

Mzee_wa_Jedwali
Hapo mimi napinga. Ukigawa umelazimisha uwiano ambao data haikuuomba. Na hiyo `LOO`, ya kuficha mwaka mmoja mmoja na kuutabiri, kwenye data ya miaka inadanganya, mwaka uliofichwa una jirani zake pande zote mbili. Ficha miaka minne ya mwisho.

Binti_Matriki
La `LOO` ni kweli. Lakini ukificha minne unabaki na 12 kwa vitabiri sita. Jaribu zote mbili, Kokoto, utuletee idadi ya vipengele inayochaguliwa kila upande.