Diski ya bakap imejaa: rsync au restic, na nakala za zamani zife lini?

StudioMwembeTayari
Jamani, nina studio ya picha za harusi. Picha ni GB 400, diski ya bakap TB 1. Kila usiku rsync yenye `--link-dest` hutengeneza folda ya tarehe. Picha hazijaongezeka sana, ila baada ya miezi mitatu diski imejaa. Nifute folda za zamani, au nihamie restic?

BabaLikoni
Futa tu, kaka. Kila folda ina GB 400. Ukitoa mbili umepata nafasi tele.

Mzee_wa_Seva
Baba, hapo sivyo. Zingekuwa GB 400 kila moja, diski ingejaa usiku wa tatu. Faili ambayo haikubadilika imeandikwa mara moja tu, folda zote zinaielekeza. Kaka, pima zote kwa pamoja:

```
du -sh *
```

Ya kwanza itaonyesha GB 400, zinazofuata ndizo nyongeza halisi.

StudioMwembeTayari
Nyingine zote GB 6 na kitu!

Mzee_wa_Seva
Hiyo ni katalogi ya programu yako ya picha, sivyo? Ukirekebisha picha moja, faili nzima imebadilika, na rsync huihifadhi upya yote. GB 6 mara usiku 90 ni GB 540. Restic huikata faili vipande na kuhifadhi vilivyobadilika tu, kwa hiyo mimi ningehamia huko. Kisha:

```
restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 6 --prune
```

Nakala hazitazidi 17. Bila `--prune` orodha inapungua lakini diski haipungui. Jaribu kwanza na `--dry-run`.

DadaKilindini
Mimi ofisini natumia File History ya Windows. Ilikuwa imewekwa Forever, nikabadilisha iwe Until space is needed. Hiyo haitoshi?

Mzee_wa_Seva
Kwa barua na ankara inatosha, dada. Yeye anatumia Linux.

Fundi_Tononoka
Mtego mmoja wa restic: `forget` hupanga nakala kwa kompyuta na kwa njia ya folda. Ukibadilisha jina la folda unayohifadhi, kundi jipya linaanza na la zamani linabaki, kwa sababu hiyo 7 inahesabu siku zenye nakala, si siku za kalenda. Ukiona njia ya zamani kwenye `restic snapshots`, ongeza `--group-by host`.

BabaLikoni
Kumbe. Basi abaki na rsync, afute zilizopita siku 30: 400 na 180, GB 580. Hana haja ya kujifunza kitu kipya.

Mzee_wa_Seva
Hesabu hiyo naikubali. Ila picha iliyofutwa kimakosa itapotea kabisa baada ya mwezi.

StudioMwembeTayari
Na maharusi wangu huja kuulizia albamu hata baada ya mwaka. Miezi 6 pia haitoshi. Nikiweka `--keep-monthly 14`, TB 1 itahimili?

Fundi_Tononoka
Inategemea unafuta picha ngapi baada ya kuchagua. Hizo zitakaa hadi nakala ya mwisho iliyozibeba itoke. Unafuta kiasi gani kwa mwezi?